Kwa nini sukari nyingi huchelewesha hamira

Swali: "Mwalimu, nilisikia hamira inakula sukari. Basi kwenye nusu kilo ya unga wa ngano, badala ya kijiko kimoja, nikatia gramu 120 nikijua donge litaumuka upesi. Saa mbili zimepita, donge limekaa vilevile kama nililiweka sasa hivi. Nimekosea wapi? Halafu kuna mtu kaniambia hamira ni kuvu na inatengeneza pombe ndani ya mkate. Ni kweli?"

Jibu:

Ni kweli, hamira ni kuvu, na pombe inatengeneza. Hata hilo la kula sukari ulilosikia ni sahihi. Kilichokuponza ni kiasi. Hamira inahitaji sukari kidogo mno kuumua donge la nusu kilo, na ile inayozidi haigeuki kuwa chakula cha ziada; inakuwa mzigo unaoinyang'anya maji.

Tuanze na kiumbe mwenyewe. Watu wakisikia kuvu hufikiria uyoga, au ule ukungu wa kijani unaoota kwenye mkate uliolala siku nyingi. Hamira ni wa ukoo huohuo, ila mwili wake wote ni seli moja tu. Jina lake la kitaalamu ni Saccharomyces cerevisiae, na mara nyingi utalikuta limeandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya pakiti. Ukiiweka chini ya hadubini utaona viduara vyenye umbo la yai, vidogo kiasi kwamba ukivipanga mstari mmoja utahitaji zaidi ya mia moja kufikisha milimita moja. Kila kimoja kina ukuta wake, kiini chake na utando unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke. Katika vingi utaona kitu kama chunusi ubavuni: hicho ni kichipukizi, mtoto anayekua juu ya mama yake mpaka atoshe kujitenga. Mama hubaki na kovu pale mtoto alipobanduka, na kwa hadubini yenye nguvu makovu hayo huhesabika.

Kuchipua huko huchukua kama saa moja na nusu mazingira yakiwa mazuri. Nalitaja kwa sababu wengi hudhani donge linaumuka kwa kuwa hamira inazaana humo ndani. Katika donge la saa mbili hakuna muda wa kuzaana kwa maana. Seli ulizotia ndizo zitakazofanya karibu kazi yote, nazo si haba, maana gramu moja tu ya hamira kavu ina mabilioni yake. Ukizidhoofisha tangu mwanzo, hakuna kizazi kingine kitakachokuja kukuokoa kwa wakati.

Sasa hiyo sukari inafanywa nini? Seli ya hamira inachukua glukosi na kuikata vipande viwili. Katika kuikata inapata nishati kidogo ya kuendeshea maisha yake, lakini pia inabaki na elektroni ambazo lazima zibebwe na kupelekwa mahali. Wabebaji wake ni wachache. Wakishajaa wote, ukataji unasimama na seli inakosa nishati. Kwa hiyo seli inafanya hivi: kila kipande kinabanduliwa kaboni dioksidi, ile tunayoiita hewa ya ukaa, na kinachobaki kinatwishwa zile elektroni. Kikishazipokea kinakuwa ethanoli, yaani pombe. Wabebaji wako huru tena, na glukosi nyingine inakatwa. Kwa mkato huandikwa hivi:

```
C6H12O6 → 2 C2H5OH + 2 CO2
```

Huo ndio uchachukaji. Gesi unayoitaka wewe na pombe inayokutia wasiwasi vyote ni vitu ambavyo seli inavitupa nje. Haitengenezi gesi ili mkate wako uwe laini, wala pombe ili mtu alewe. Inatafuta tu namna ya kuendelea kukata sukari. Kuna wanaosema hamira hufanya hivi pale tu inapokosa oksijeni. Kwa hamira hii ya mikate hiyo ni nusu ya habari: sukari ikiwa tele, huichachua hata oksijeni ikiwepo. Na katika donge, oksijeni kidogo iliyoingia wakati wa kukanda humalizwa upesi, kwa hiyo kwako wewe hakuna tofauti.

Hapa ndipo pa kupiga hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo itakayokuonyesha kosa lilipo. Gramu 180 za glukosi zikichachuka zote hutoa gramu 88 za kaboni dioksidi na gramu 92 za ethanoli. Shusha hadi gramu moja: unapata karibu nusu gramu ya gesi, ambayo katika joto la chumba chenye vuguvugu hujaza takriban mililita 270. Donge lako la nusu kilo ya unga na gramu 300 hivi za maji lina ujazo wa kama mililita 700 kabla ya kuumuka. Ili liwe mara mbili linahitaji mililita 700 nyingine za gesi. Ongeza mililita 200 hivi zitakazoyeyuka katika maji ya donge, na kidogo itakayovuja juu. Tuseme lita moja kwa jumla. Gawa kwa 270, unapata gramu nne za sukari.

Gramu nne ni kijiko kimoja kidogo cha chai. Wewe ulitia gramu 120.

Na hata hicho kijiko si lazima. Unga wa ngano wenyewe una sukari zake chache, asilimia moja au mbili ya uzito wake, na una vimeng'enya ambavyo vikipata maji huanza kuvunja wanga, hasa ule uliopondeka kinuni, na kutoa sukari iitwayo maltosi. Hamira inaimeza maltosi hiyo na kuivunja kuwa glukosi. Ndiyo maana donge la unga, maji, chumvi na hamira tu, bila hata punje ya sukari, linaumuka vizuri. Linachelewa kidogo kuanza, kwa kuwa hamira huchukua muda kujiandaa kutumia maltosi, lakini linafika. Kwa ufupi, katika donge la kawaida hamira haina njaa. Kasi yake inategemea joto, idadi ya seli zilizo hai, na urahisi wa kupata maji.

Tufike basi kwenye maji, maana hapo ndipo gramu zako 120 zilipofanya uharibifu. Ukinyunyizia chumvi vipande vya tango, baada ya dakika chache vinaogelea katika maji yaliyotoka ndani yake. Sukari nyingi nayo hufanya vivyo hivyo kwa seli yoyote: maji hutoka upande wenye vitu vichache vilivyoyeyuka kwenda upande wenye vingi. Seli ya hamira iliyotumbukizwa katika maji mazito ya sukari husinyaa, na kazi zake za ndani hupungua mwendo, uchachukaji ukiwemo.

Kuna jambo moja hapa ambalo wapishi wengi hawalijui. Sukari ya mezani ni sukrosi, yaani glukosi moja iliyoungana na fruktosi moja. Hamira haina subira nayo. Ina kimeng'enya kiitwacho invatesi, kinachokaa kwenye ukuta wake, ambacho huikata sukrosi nje ya seli, na hufanya hivyo haraka kuliko seli zinavyoweza kuzila sukari zinazotoka. Chembe moja imekuwa mbili, na nguvu ya kuvuta maji hutegemea idadi ya chembe. Maana yake ni kwamba hamira yenyewe inaufanya mvuto wa sukari yako ukaribie kuwa maradufu. Kwa makadirio, gramu 120 za sukari zikishakatwa hivyo huvuta maji sawa na kama ungeongeza gramu 20 za chumvi juu ya ile uliyokwisha kutia. Nina hakika hakuna mtu angetia chumvi ya namna hiyo kisha ashangae donge kutoumuka. Sukari inatudanganya kwa sababu ni tamu.

Seli hazikufa, lakini. Hamira ina dawa yake: inatengeneza gliseroli na kuilimbikiza ndani mpaka mvuto wa ndani ukaribiane na wa nje, ndipo maji yanaporudi. Kazi hiyo inachukua muda na inatumia sukari ambayo ingetoa gesi. Hii ndiyo sababu donge lenye sukari nyingi hukaa kimya muda mrefu, halafu linaanza kupanda polepole. Kama hukulitupa, nadhani baada ya saa nyingine mbili au tatu lingekuonyesha dalili.

Mipaka ya kufanyia kazi ni hii: sukari ikiwa hadi asilimia 5 ya uzito wa unga, yaani gramu 25 kwa nusu kilo, hamira ya kawaida haipati shida, pengine hata inaanza mapema zaidi. Ukipita asilimia 10 uchelewaji unaonekana wazi. Wewe ulikuwa kwenye asilimia 24.

Kuna nusu ya pili ya habari ambayo watu huiruka, kwa sababu wanadhani gesi ikishatoka basi donge lazima liumuke. Tia hamira na sukari katika glasi ya maji: gesi itatoka, utaona povu, lakini maji hayaumuki. Gesi inapanda na kwenda zake. Katika donge inazuiwa na gluteni, ule utando wa protini unaojitokeza unga wa ngano unapokutana na maji na kukandwa. Protini zake kuu ni mbili, gliadini inayofanya donge linyumbulike na glutenini inayolipa ukakamavu. Vuta kipande cha donge lililokandwa vizuri katikati ya vidole: kitatanuka mpaka kiwe chembamba cha kupitisha mwanga bila kuchanika. Huo utando ndio unaoshika gesi. Unga usio na gluteni, kama wa mahindi, una sukari na hamira itachachua humo vizuri tu, ila gesi inatoroka.

Na cha kushangaza zaidi, hamira haitengenezi hata tundu moja la mkate. Mwaka 1941 watafiti wawili, Baker na Mize, walionyesha kwamba donge likikandwa mahali palipoondolewa hewa halina viputo vya kuanzia, na gesi ya hamira haiwezi kujitengenezea vipya. Sababu yake ni ya kifizikia. Kiputo kinachoanza kutoka sifuri kinabanwa na mvuto wa uso wa maji, na kadiri kinavyokuwa kidogo ndivyo kinavyobanwa zaidi, kiasi kwamba gesi iliyoyeyuka haina nguvu ya kukifungua. Kwa hiyo kaboni dioksidi hutoka kwenye seli, huyeyuka katika maji ya donge, husambaa, kisha hujipenyeza ndani ya viputo vya hewa ambavyo mikono yako au mashine yako ilivifungia humo wakati wa kukanda. Oksijeni ya vile viputo huliwa. Naitrojeni hubaki, kwa kuwa haiyeyuki kirahisi, na ndiyo inayovishikilia wazi. Ukilikanda tena donge lililoumuka, unagawa viputo vikubwa kuwa vidogo vingi, na hapo ndipo mkate wenye matundu madogo yanayolingana unapopatikana.

Nimelieleza hili kwa sababu sukari nyingi inaharibu na upande huu. Inashindana na protini kugombea maji, gluteni inachelewa kujijenga, na donge linakuwa laini la kunata. Bila shaka uliliona likishikamana na vidole, na huenda uliongeza unga. Ukiongeza unga bila kuongeza maji, unafanya ukame uleule uzidi.

Kuhusu pombe: ipo, na hesabu ya juu inatuambia ni kiasi gani. Gramu nne za sukari zilizochachuka huacha kama gramu mbili za ethanoli katika donge lenye uzito wa zaidi ya gramu 800. Ukifunua bakuli la donge lililokaa muda mrefu, ile harufu kali kidogo inayokupiga puani ndiyo hiyo, ikichanganyika na harufu nyingine za uchachukaji. Ethanoli huchemka kwenye nyuzijoto 78, kwa hiyo ndani ya oveni sehemu kubwa hugeuka mvuke na kuondoka. Hubaki chembe ndogo sana, ya kupimwa maabara na si ya kulewesha mtu.

Kabla ya kuondoka, mvuke huo husaidia. Dakika chache za kwanza ndani ya oveni mkate hupanda kwa ghafla kwa sababu mambo kadhaa hutokea karibu pamoja: hamira inachangamka na joto kabla ya kufa kwenye nyuzi 55 hadi 60, gesi iliyokuwa imeyeyuka katika maji inafukuzwa na joto na kuingia kwenye viputo, gesi iliyomo tayari inatanuka, na mvuke wa pombe na maji unaongezea msukumo. Kisha wanga hunyonya maji na kuvimba, gluteni hukaza, na umbo hushikamana. Donge lililopitiliza kuumuka kabla ya kuokwa huwa limetumia uwezo wa kutanuka wa utando wake. Likipata joto hubonyea katikati badala ya kupanda.

Sasa utajuaje kwamba tatizo lako lilikuwa sukari na siyo hamira iliyokufa? Chukua nusu glasi ya maji ya vuguvugu, yanayohisi joto kidogo tu ukitia kidole, tia kijiko kidogo cha sukari na kijiko kidogo cha hamira kutoka pakiti ileile. Hamira hai itaota povu juu ndani ya dakika kumi hivi. Isipoota kabisa, pakiti ndiyo mbovu. Usiongeze sukari hapo kwa nia ya kuisaidia. Katika maji machache hivyo utakuwa unarudia kosa lilelile kwa ukali zaidi.

Kipimo kinachoonyesha zaidi ni cha glasi mbili. Kanda gramu 100 za unga na gramu 60 za maji, gramu moja ya hamira, chumvi kidogo na gramu mbili za sukari. Kanda donge jingine hivyohivyo, lakini sukari iwe gramu 24, ambao ni uwiano wako wa siku ile. Yaweke katika glasi mbili zenye kuta zilizonyooka, yasawazishe juu, funga alama ya mpira usawa wa donge, uyafunike na kuyaweka mahali pamoja. La kwanza litaivuka alama yake wakati la pili bado limejiinamia. Endelea kungoja. La pili likianza kupanda baadaye, ujue seli zilikuwa hai na zilikuwa zinahangaika na maji. Lisipopanda hata baada ya saa nyingi, na la kwanza limepanda, basi hamira yako ni ile isiyovumilia utamu kabisa.

Kama unataka mkate mtamu wa gramu 120, unaweza kuupata. Toa gramu 200 za unga, gramu 180 za maji na hamira yote, na hamira yenyewe iwe maradufu ya ile ya kawaida. Kama huwa unatia gramu 5 za hamira kavu, tia 10. Usitie sukari wala chumvi. Acha mchanganyiko huo uote mapovu kwa dakika 45 hivi, hamira ikiwa imeshaamka na kuanza kazi katika maji mepesi. Ndipo uongeze unga uliobaki, maji yaliyobaki na chumvi, ukande mpaka gluteni ianze kushikana, halafu sukari uitie kwa mafungu mawili au matatu ukiendelea kukanda. Donge litalegea kila unapotia fungu, kisha litakaza tena. Usilikimbilie na unga. Zipo pia hamira zinazouzwa mahsusi kwa madonge matamu. Nyingi kati ya hizo zina invatesi dhaifu, kwa hiyo haziikati sukari yote mara moja. Ukiipata hiyo, huhitaji kuongeza hamira sana.

Hata kwa njia hii donge tamu litachukua muda mrefu kuliko la kawaida, kwa hiyo lipime kwa ujazo na kwa kidole: libonyeze, na shimo likijirudia polepole bila kujaa lote, peleka oveni. Na usijaribu kufidia muda kwa kuliweka mahali pa moto. Nyuzi 26 hadi 30 zinatosha. Ukikaribia 40 hamira huanza kuumia, na hamira iliyokwisha kubanwa na sukari haihitaji taabu ya pili.